Kufundisha marefa wadogo wa mashindano ya skuli: mkono, mguu na mdomo

Kijana ukimpa firimbi kwa mara ya mwanzo, kitu anachokiogopa zaidi ni hiyo hiyo firimbi. Anaipuliza kidogo kama mtu anapoza chai, wachezaji wanne wanasimama, wengine wanaendelea, mmoja anafunga, na hapo ndo ugomvi unaanza. Mimi hapa Pemba nakaa na vijana wa kidato cha pili na cha tatu kuwatayarisha wachezeshe mashindano ya skuli zetu, na nilichokiona ni kwamba malalamiko mengi hayaletwi na uamuzi mbovu, yanaletwa na refa aliyekuwa mbali au mkono uliochelewa kunyanyuka. Kwa hiyo maalim hata kama shida yako ni kijana wako aweze kuwatuliza wachezaji wanaomzonga, huwezi kuanzia hapo. Anza na mkono, nenda kwenye miguu, mdomo uje mwisho.

Natumia jioni nne, baada ya alasiri, saa moja na nusu kila jioni. Chukua vijana sita ili watatu wafanye kazi na watatu watazame, na hao wanaotazama wanajifunza zaidi kuliko unavyodhani. Hakikisha ni wakubwa kwa wachezaji watakaowachezesha kwa miaka miwili hivi, maana mtoto wa darasa la sita hawezi kumpa kadi rafiki yake wanaekaa dawati moja, na hata akiweza msimfanyie hivyo. Vifaa ni firimbi mbili, vibendera viwili (kipande cha kanga nyekundu kwenye kijiti kinatosha kabisa), kadi, kalamu, na kamba ya nazi iliyokatwa mita 9 na sentimita 15. Hiyo kamba usiidharau, nitaieleza.

Jioni ya kwanza: mkono

Wapange mstari, kila mmoja na nafasi yake. Wewe unataja tukio, mmoja mmoja anapuliza, ananyoosha mkono, na anauacha hapo hapo mpaka wewe uhesabu tatu kimoyomoyo. Hizo hesabu tatu ndo somo lenyewe. Vijana wote wana ugonjwa mmoja, mkono unapanda na kushuka kama wanafukuza nzi, halafu wachezaji wanauliza "refa, wetu au wao?" na swali hilo likiulizwa mara tano basi washajua huyu hana uhakika.

Faulo ya kawaida, yani ile ya moja kwa moja, mkono unanyooshwa pembeni kuelekea upande inakoshambulia timu inayopiga. Penalti unaonesha doa, huonyeshi golikipa wala huonyeshi aliyecheza faulo. Kona unaonesha kibendera cha kona, goli kiki unaonesha ile boksi ndogo. Kuacha mpira uendelee kwa faida ya aliyechezewa faulo, mikono miwili mbele na sauti kubwa "endelea!", na mwambie kijana kwamba faida isipotokea ndani ya sekunde chache anaruhusiwa kurudi kwenye faulo, wengi hawajui hili wanadhani wakishasema endelea basi imekwisha.

Inayowasumbua ni faulo isiyo ya moja kwa moja. Mkono juu wima, na unabaki juu mpira ukishapigwa mpaka uguswe na mchezaji mwengine au utoke nje. Wanaushusha mpira ukipigwa tu. Waeleze kwa nini: refa akisahau kunyanyua mkono, na mpira ukaingia golini moja kwa moja, sheria inasema upigwe tena. Sasa jiulize wewe umemnyima mtu bao, umempa, halafu unarudisha mpira nyuma, nani atakaa kimya hapo.

Kuna jambo jipya ambalo hata makocha wakubwa bado wanalipigia kelele. Tangu Julai 2025 golikipa akishika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8 adhabu yake ni kona, si ile faulo ya zamani ya sekunde 6. Refa anahesabu, na zikibaki sekunde 5 ananyanyua mkono na kukunja kidole kimoja kimoja ili golikipa aone. Fanyeni hii mara kumi kumi, vijana wanaipenda, na uwaambie makocha wote kabla ya mashindano kuanza, siyo siku ya nusu fainali.

Halafu firimbi yenyewe. Mpira wa kurusha ulio wazi hauhitaji firimbi, mkono tu. Ukipuliza kila kitu firimbi inakuwa kama honi ya daladala, hakuna anaegeuka. Faulo ndogo mpulizo mfupi, faulo mbaya au penalti mpulizo mrefu na mkali. Na kitu kimoja ni maoni yangu, wengine hawakubali: nawakataza kuigiza faulo, kuvuta jezi yao wenyewe au kupiga teke hewani kuonesha kilichotokea, maana ukishaigiza umefungua mjadala, mchezaji na yeye ataigiza vyake.

Jioni ya pili: miguu

Chukua kijiti uchore kiwanja kwenye mchanga. Washika vibendera wawili wanakaa pande tofauti, kila mmoja na nusu yake. Zile kona mbili ambazo hazina mshika kibendera karibu, ziunge kwa mstari wa mshazari, hiyo ndo njia ya refa wa kati. Siyo reli, anaweza kutoka, lakini ndo anakorudi. Sababu yake ni moja tu: mpira uwe kati yake na mshika kibendera wa upande huo, ili tukio moja lionekane na macho mawili kutoka pande mbili, na refa akinyanyua uso tu akione kibendera.

Zoezi ninalolitumia linaitwa kivuli. Wachezaji wanacheza kawaida, kijana anakimbia bila firimbi, mimi namfuata nyuma. Kila baada ya muda nasema "simama!", wote wanaganda, namuuliza maswali mawili: unaliona pengo kati ya hawa wanaogombania mpira? Unamuona mshika kibendera wako? Jibu likiwa hapana hata kwa moja, asogee hatua kwa hatua mpaka yote yawe ndio, na ajionee mwenyewe kumbe ilikuwa hatua nne tu kulia. Pengo ndo kila kitu. Ukisimama nyuma ya mgongo wa beki huoni mguu umegusa mpira au kifundo, unakisia, na mchezaji anakuona unakisia.

Masafa ya mita 10 mpaka 15 kutoka kwenye mpira yanatosha kwa ukubwa wa mchezo wao. Karibu zaidi ya hapo unagongwa na mpira, na ukigongwa, timu nyengine ikaupata au shambulio la maana likaanza, inabidi usimamishe na kuangusha mpira. Mbali zaidi ndo huku kwenye kelele. Vijana wanachelewa sana pale mpira wa kona unapookolewa na kupigwa mrefu kwenda upande wa pili, kwa sababu wameingia boksi kutazama kama mashabiki. Mfundishe kwenye kona asimame karibu na mdomo wa boksi, na jicho likishaona beki anajiandaa kubutua miguu ianze kugeuka kabla.

Kamba sasa. Ukuta unatakiwa uwe mita 9.15 kutoka kwenye mpira. Mtu mzima anahesabu hatua kumi, mtoto wa miaka 15 akihesabu kumi anapata mita saba na kitu, wapigaji wanalalamika na wana haki. Kwa hiyo kila kijana alaze kamba hiyo chini, atembee hatua zake za kawaida, ajue namba yake, mmoja kumi na mbili mwengine kumi na tatu, na aihifadhi hiyo.

Na jua. Mechi zetu ni za jioni, na kiwanja kikiwa kimelala kaskazini na kusini, mshika kibendera wa upande wa mashariki anatazamana na jua kipindi chote. Muweke hapo aliye mzoefu zaidi na umpe kofia, usimuweke mdogo kwa sababu tu upande ule hauna watu.

Jioni ya tatu: kibendera na kuotea

Sitaki kuirefusha, lakini kuna mambo matatu ambayo yakikosekana mechi inavunjika. La kwanza ni mahali pa kusimama: sambamba na beki wa pili kutoka mwisho (kwa kawaida wa mwisho ni golikipa), au sambamba na mpira kama mpira uko karibu na goli zaidi yake. Anatembea kwa ubavu, uso ukitazama kiwanja, mpaka mbio ziwe kubwa ndo anageuka kukimbia. Akiwa nyuma ya mstari hata mita mbili, mshambuliaji aliye karibu nae kuliko beki ataonekana kama ameotea, ni macho tu yanamdanganya.

La pili ni wakati. Kinachotazamwa ni pale mpira unapopigwa na mwenzake, siyo pale unapomfikia. Zoezi lake: mimi napiga pasi, mshambuliaji anakimbia, na mshika kibendera anasema "sasa!" mguu wangu ukigusa mpira, halafu ndo anaamua. Mikono haihesabiwi, na aliye sambamba hajaotea. Mpira wa kurusha, goli kiki na kona hakuna kuotea, warudie hili mpaka wachoke.

La tatu ni subira. Kusimama mahali pa kuotea si kosa. Asinyanyue mpaka huyo mtu aucheze mpira au amzuie mpinzani. Akishaona kosa ananyanyua kibendera wima na anasimama pale pale, haendelei kukimbia, anasubiri firimbi. Firimbi ikilia ndo anaonesha: juu kidogo kama ni upande wa mbali, usawa wa bega kama ni katikati, chini kama ni upande wake. Na kwa refa wa kati sheria yangu ni hii, kabla ya kuonesha katikati ya kiwanja kwamba ni bao, macho kwanza yaende kwenye kibendera.

Jioni ya nne: mdomo

Hii usiifanye kwa maneno. Waite wachezaji kumi, waambie leo kazi yenu ni kumkasirisha refa, mna ruhusa ya kila kitu isipokuwa matusi ya wazee. Halafu wewe simama pembeni ya kijana.

Kitu cha mwanzo utakachokiona ni kwamba kijana anarudi nyuma huku anaeleza. Anaeleza faulo, anaeleza alivyoiona, anaeleza sheria, na kila sentensi inaleta wachezaji wawili zaidi. Mimi mwenyewe nilivyokuwa kijana nilichezesha mechi ya mtaani nikawaeleza watu wote kuhusu penalti moja mpaka tukasikia adhana ya magharibi, penalti ikapigwa gizani, na mpaka leo hakuna anaejua kama iliingia. Basi mfundishe asirudi nyuma wala asisonge mbele. Atoke kwenye kundi kwa kutembea kwenda pembeni, mahali pa wazi, asimame, kiganja kimoja mbele usawa wa kifua, sauti ya chini kuliko yao. Sauti ya chini inawalazimisha wao kunyamaza ili wasikie, jaribu uone.

Maneno yawe machache na yale yale. "Nimeiona, nimeamua." "Nahodha peke yake." "Rudi kwenye nafasi yako." Hakuna "samahani" na hakuna "wewe nyamaza". Wakati wa kurusha shilingi awaambie timu zote mbili kwamba nahodha ndo atakaezungumza nae, na kama nahodha ni golikipa wataje mchezaji mwengine wa ndani pale pale, kwa sababu golikipa hawezi kukimbia kiwanja kizima kuja kuuliza.

Halafu ngazi. Mtu akipiga kelele moja ya uchungu akageuka, mwache, huyo amekosa bao au amechezewa, ni binadamu. Akirudia, neno moja la kimya unapompita, "inatosha". Akiendelea, simamisha mchezo, muite na nahodha wake, sema mbele ya wote kwamba hili ni la mwisho. Baada ya hapo njano ya kupinga uamuzi, bila kuchelewa. Lakini ngazi hii siyo ya kila kitu: akipiga mpira nje kwa hasira au akikupigia makofi ya kejeli usihangaike na neno la kimya, ni njano moja kwa moja, na tusi ni nyekundu hata kama dakika ya pili. Kadi inaoneshwa kwa mkono ulionyooka, ukiwa umesimama hatua mbili tatu mbali nae, siyo kumsukumia usoni.

Kama chama cha mpira kimeruhusu kwenye mashindano yenu, kuna njia nyengine nzuri kwa watoto, kumtoa mchezaji kwa muda kisha arudi. Muda wake ni asilimia 10 mpaka 15 ya mechi, kwa hiyo mechi ya vipindi viwili vya dakika 30 ni kati ya dakika 6 na 9. Kubalianeni kabla, na awepo mtu wa kushika saa pembeni, refa mdogo asihesabu na hilo.

Na makelele ya maalim wa timu? Hayo si ya mtoto. Sheria inamruhusu refa kumpa kadi hata kocha, lakini mimi namuweka mtu mzima mmoja pembeni katikati ya mstari, na kijana akizongwa na mwalimu anachotakiwa kufanya ni kumtazama huyo mtu mzima tu. Unamuomba mwanafunzi ampe kadi maalim anaemsahihishia mtihani, si haki hiyo.

Ilivyokuwa siku moja

Nusu fainali, wamefungana bao moja kwa moja, dakika ya 52. Refa ni kijana wangu wa kidato cha tatu. Mpira mrefu unapita juu ya mabeki, mshambuliaji anautuliza na kufunga. Kijana anapuliza, anaonesha katikati, wafungaji wanakimbia kushangilia. Mabeki wote sita wanamkimbilia yeye. Ndo ananyanyua macho na anaona kibendera kiko juu, wima, mshika kibendera kasimama kama nguzo ya umeme.

Kosa lilikuwa moja na alilijua, mkono umetangulia macho. Lakini mchezo haujaanza tena, na kabla haujaanza refa anaruhusiwa kubadilisha uamuzi. Akatoka kwenye kundi kwa kutembea, kiganja mbele, "nahodha peke yake", mara mbili. Akaenda kwa mshika kibendera peke yake, wakasimama nyuso zao zikitazama kiwanja, na akauliza tulivyozoea: nani? Alikuwa ameotea mpira ulipopigwa au ulipofika? Ameugusa yeye mwenyewe? Majibu matatu, sekunde kumi na tano hivi. Akapuliza, mkono juu wima, akaenda mpaka pale mshambuliaji alipougusa mpira na kuonesha hapo ndo upigwe.

Sasa zikageuka kelele za upande wa pili, na hizi ni mbaya zaidi kwa sababu wameshashangilia. Nahodha wao akaja, kijana akamwambia "nilionesha bao kabla sijaona kibendera, ni kuotea, tunaendelea". Sentensi moja, akakiri la kwake, basi. Nahodha akatikisa kichwa akaondoka. Mshambuliaji hakuondoka, akaja mbio kutoka nyuma na kupiga makofi usoni mwake mbele ya wote. Njano. Hakumwambia kitu, akaandika namba na dakika, akarudisha kalamu, na mkono mwengine bado uko juu unasubiri faulo ipigwe. Huo mkono nilifurahi kuuona kuliko kadi.

Mechi ilipokwisha tulikaa chini ya mwembe, sote wanne na mtu mzima wa pembeni. Sikumuuliza kama alikuwa sahihi, nilimuuliza alikuwa amesimama wapi mpira mrefu ulipopigwa. Akachora kwenye mchanga: alikuwa bado upande wa pili wa duara la katikati, mbali, kibendera kiko nyuma ya bega lake la kushoto. Hata kama angetazama, angetakiwa ageuke mwili mzima. Siku ya pili sikumpa firimbi, nilimpa kibendera upande wa mashariki, akanuna kidogo. Dakika ya kumi tu ananyanyua, refa wa kati hamuoni, na yeye kasimama na mkono juu peke yake na jua usoni, anasubiri, na alipogeuka kunitazama alikuwa anacheka.